Wanangu, Ukungu Huanzia Miguuni

Wanangu mnaohariri picha za harusi na za mahafali, leo nataka kuwakanya juu ya jambo moja tu, nalo ni ule ukungu mnaoutia nyuma ya mtu. Naziona kazi zenu kila siku, kwenye simu za watu na kwenye fremu za sebuleni. Mnamtenga bwana harusi na bibi harusi kwa uangalifu mkubwa, unywele kwa unywele, kisha kila kilichobaki mnakipiga `Gaussian Blur` ya kiwango kimoja: mchanga walioukanyaga, ngalawa iliyolala nyuma yao, na bahari yote mpaka upeo wa macho. Mteja anafurahi na analipa. Akiitazama siku ya pili anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila hana la kusema kwa sababu si fundi. Anachokiona ni watu wawili wanaoelea, kama waliokatwa gazetini kwa mkasi wakabandikwa. Viatu vyao vinaonekana mpaka mshono, na mchanga unaogusana na viatu hivyo hauna punje hata moja.

Hakuna lenzi duniani inayoweza kupiga picha hiyo. Lenzi haimjui bwana harusi wala mchanga. Inajua umbali tu. Ukiielekeza kwenye kitu kilicho mita nne, kila kilicho mita nne kinatoka safi, awe mtu, liwe jani, iwe kokoto iliyo kando ya kiatu. Kinachozidi mita nne kinaanza kufifia kidogo kidogo, na kilicho karibu zaidi na kamera kinafifia pia. Kwa hiyo ardhi iliyo chini ya miguu lazima iwe safi kama miguu yenyewe. Ukungu huanzia hapo, miguuni, ukaenda ukikua kwa nyuma na kwa mbele.

Sasa unakua kwa kipimo gani? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana wengi wenu mnakisia kwa jicho, na kumbe hesabu yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Nukta iliyo mbali kuliko fokasi haibaki nukta kwenye picha, inatanuka kuwa duara. Chukua umbali wa mtu wako uugawe kwa umbali wa hicho kitu cha nyuma, kisha jibu ulitoe kwenye moja. Ndilo fungu la ukungu ambalo kitu hicho kinastahili. Ikiwa mtu yuko mita 4 na ngalawa iko mita 8, nne kwa nane ni nusu, ukitoa kwenye moja inabaki nusu. Ngalawa inapata nusu ya ukungu mkubwa kabisa, ule wa kwenye upeo wa macho. Kilicho mita 16 kinapata robo tatu. Tazameni basi: mita nne za kwanza nyuma ya mtu zimekula nusu ya ukungu wote, na kutoka mita 16 mpaka mwisho wa dunia imebaki robo tu. Ukungu hukimbia mwanzoni, kisha unatulia.

Mtaniuliza, mzee, nani ana kamba ya kupimia mita kwenye picha iliyokwisha kupigwa? Hamhitaji kamba. Kwenye ardhi tambarare picha yenyewe inawapimia. Kanuni ya mtazamo ni kwamba kadiri ardhi inavyokwenda mbali, ndivyo inavyopanda kwenye picha kuukaribia mstari wa upeo, na inapanda kwa kiasi kile kile ambacho ukungu nao unakua. Ukishajua safu ya pikseli ambayo miguu imekanyaga na safu ambayo upeo umekaa, ukungu wa ardhi iliyo kati yake unapanda kwa mstari ulionyooka, bila kupinda. Nusu ya njia kwenda juu ni nusu ya ukungu. Robo ya njia ni robo.

Tuseme mmeletewa picha ya wima iliyopigwa kwa simu ufukweni Bagamoyo, ina pikseli 4000 kwa urefu. Maharusi wamesimama wima. Viatu vya bwana harusi vimekanyaga safu ya 3300 kuhesabu kutoka juu, na bahari inakutana na anga kwenye safu ya 1300. Kati yake kuna pikseli 2000. Nyuma kuna ngalawa ambayo mkuku wake umelala mchangani kwenye safu ya 2300: imepanda 1000 kati ya 2000, basi inapata nusu. Nyuma zaidi kuna mnazi ambao shina lake limeota kwenye safu ya 1900: umepanda 1400, unapata sehemu saba katika kumi. Kuna na kijana mmoja amepita nyuma ya maharusi, ndala zake ziko safu ya 2800: robo. Mchanga wa mbele, kutoka safu ya 3300 kushuka mpaka ukingo wa chini wa picha, nao unafifia kwa mwendo ule ule: pikseli 700 kwa 2000 ni asilimia 35. Mchanga huu wa mbele ndio mnaousahau kila siku. Mnauacha mkali mpaka ukingoni, au mnaufifisha sawasawa na bahari.

Imebaki kujua ukungu mkubwa kabisa uwe wa pikseli ngapi, na hapa kuna jambo zuri ambalo ningependa kila mmoja wenu alitie akilini. Duara la ukungu la kitu kilicho mbali sana, ukilipima mahali aliposimama mtu wako, lina upana sawasawa na tundu la lenzi. Lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa kwa 1.8, ile mnayoitamani nyote kwa picha za watu, ina tundu la milimita 47. Kwa hiyo taa iliyo mbali baharini ingeonekana kama duara la milimita 47, ukililinganisha na kifua cha bwana harusi. Simu nayo, kama lenzi yake ni ya milimita 6 hivi na imefunguliwa kwa 1.8 hiyo hiyo, tundu lake halifiki milimita 4. Ndiyo maana kila kitu kwenye picha ya simu kinatoka kikali, mbele na nyuma.

Milimita hizo tunazigeuzaje pikseli? Kwenye ardhi tambarare mstari wa upeo hukata kila kitu kwa kimo cha kamera. Kama mpiga picha alishika simu usawa wa mita moja na nusu, basi pale unapomkata bwana harusi ni mita moja na nusu kutoka viatuni mwake. Kwenye picha yetu mita hiyo na nusu ni pikseli 2000. Milimita 47 ni pikseli 63 hivi. Huo ndio upana wa duara kwenye upeo: 63. Ngalawa inapata 31 au 32, mnazi 44, yule kijana 16, na mchanga wa ukingo wa mbele 22.

Sasa pimeni na yale mnayoyafanya. Naona kijana anavuta kitelezi mpaka duara linafika pikseli 200. Kwenye picha hii pikseli 200 ni sentimita 15. Tundu la sentimita 15 ni la lenzi ya milimita 600 iliyofunguliwa kwa 4, ile ndefu ya wapiga picha wa mpira wanaoishikilia kwa mguu wa chuma pembeni mwa uwanja. Lakini sura ya picha bado ni ya simu: ngalawa imekaa kwa ukubwa wa simu, anga limeenea kwa upana wa simu. Jicho la mteja linaona lenzi mbili zinagombana ndani ya picha moja. Shusheni. Picha ya namna hii ikizidi duara la pikseli 60 au 70 imeanza kusema uongo.

Kwenye Photoshop, kichujio kinachofaa ni `Lens Blur`, kwa sababu kinakubali ramani ya umbali kwenye sehemu iliyoandikwa `Depth Map`. Ramani hiyo ni picha ya kijivu tu. Nyeusi ni mahali pasipo na ukungu, nyeupe ni ukungu wote. Mnaichora kwenye chaneli mpya: zana ya Gradient, weusi safu ya 3300, weupe safu ya 1300, na juu ya upeo kote kweupe. Mnaongeza mpito mwingine kushuka, kutoka weusi wa 3300 mpaka kijivu cha asilimia 35 kwenye ukingo wa chini. `Blur Focal Distance` iwe 0. Zana ya Gradient nayo ina tabia ya kulainisha miisho ya mpito, ukapinda badala ya kunyooka. Hakikisheni `Smoothness` mmeishusha mpaka sifuri. Na kwa kuwa namba ya `Radius` haiwaambii upana wa duara moja kwa moja, fanyeni jaribio: faili jeusi, nukta moja nyeupe katikati, itieni ukungu, mpime duara linalotoka. Mkishapata namba inayowapa 63, iandikeni.

Sasa lile kosa ambalo hata waliokwisha kuacha ukungu wa kiwango kimoja bado wanalifanya. Wanachora mpito wao vizuri, chini mweusi juu mweupe, wanatia ukungu, wanaridhika. Hawakumkumbuka yule kijana aliyepita nyuma. Ndala zake ziko safu ya 2800, lakini kichwa chake kimefika safu ya 1100, juu ya upeo. Kwa mpito mtupu, ndala zinapata duara la pikseli 16 na uso unapata 63. Mtu mmoja aliyesimama wima, miguu unaitambua, uso umeyeyuka! Mpito ule ni wa ardhi peke yake. Kinachosimama juu ya ardhi kiko umbali mmoja kutoka chini mpaka juu, kwa hiyo kinabeba ukungu wa mahali kilipokanyaga. Mchagueni kijana mzima kwenye ramani, mmjaze kijivu kile kile kilicho chini ya ndala zake, asilimia 25. Mnazi mzima, na makuti yake yaliyopanda mpaka juu ya picha, asilimia 70. Ukuta unaotazamana na kamera nao ni hivyo hivyo. Ukuta unaokimbilia mbali kando ya kichochoro ni habari nyingine: huo ni bapa kama ardhi, nao unataka mpito wake ulionyooka, ila unalala kwa upande, kutoka ubavuni kwa mtu kwenda ndani ya kichochoro.

Na pale miguu isipoonekana? Ukumbini watu wamekaa mezani, vitambaa vimeshuka, huoni aliyekanyaga wapi. Pimeni vichwa. Ukubwa wa kichwa kwenye picha hupungua kwa kadiri ile ile ya umbali. Kichwa cha bibi harusi kikiwa pikseli 300 na cha shangazi aliyekaa meza ya nyuma kikiwa 120, gawa: 120 kwa 300 ni 0.4. Toa kwenye moja, shangazi anapata sehemu sita katika kumi. Kabla ya kumtia huo ukungu, muulizeni mwenye harusi huyo ni nani. Kama ni mama mzazi, mpunguzieni ukungu picha nzima mpaka uso wake utambulike. Lenzi yenye tundu dogo zaidi ingefanya vivyo hivyo, kwa hiyo hamtakuwa mmedanganya chochote.

Wapo wanaotumia programu isiyo na ramani ya umbali. Hawa hutengeneza nakala moja iliyofifia sana, wakaiweka juu ya picha kali, kisha wakachora mpito kwenye maski ili nakala ionekane taratibu. Nawakanya sana juu ya njia hii. Katikati ya mpito huo hampati nusu ya ukungu, mnapata picha mbili zilizolaliana, nusu kali na nusu iliyofifia. Tazameni kamba ya tanga la ngalawa. Kwa lenzi ya kweli, kamba nyembamba ikififia hutanuka ikawa mkanda mpana uliopauka, na ikizidi hupotea kabisa. Kwa njia hii ya maski kamba inabaki uzi mwembamba uleule, mkali, umezungukwa na moshi. Mkiona uzi ndani ya moshi, au maandishi ya kanga yanayosomeka ilhali kanga yenyewe imetanda ukungu, jueni kosa ni hilo. Kama hamna kichujio cha ramani, tengenezeni nakala nane: ya kwanza duara la pikseli 8, ya pili 16, mkiongeza nane nane, na ya nane iishie kwenye 63. Kila nakala ipewe ukanda wake wa ardhi wa safu 250 hivi, na mpito kati ya nakala na jirani yake uwe mfupi. Nakala jirani zimekaribiana ukungu, kwa hiyo zikilaliana jicho halikamati kitu.

Kuhusu kumtenga mtu, mnajua kukata kuliko mimi, sitawafundisha. Nasema tu msitie ukungu kwenye leya ambayo mtu bado yumo. Kichujio kinachota rangi za jirani, kwa hiyo weupe wa kanzu utamwagika kwenye bahari na kumzungushia bwana harusi taa asiyokuwa nayo. Leya ya nyuma ifutwe maharusi kwanza kwa zana ya kunakili, mzibe kwa mchanga na bahari ya jirani. Hamlazimiki kuziba wote. Ukanda wa ndani wa nusu ya duara, pikseli 32 kutoka kwenye ukingo wao, unatosha, kwa kuwa ukungu hauchoti mbali zaidi ya hapo. Ramani ya leya hiyo nayo isiwe na umbo lao jeusi. Iwe ramani ya ardhi na bahari tupu, kana kwamba hawakuwapo. Kisha wao wanarudi juu, kwenye leya yao safi. Na kwa kuwa mchanga wa safu ya 3300 haukuguswa, viatu vinakaa kwenye kivuli chake chenyewe, wala hamhitaji kukata ukingo mkali pale chini. Laineni maski ya miguuni mpaka isijulikane.

Hamtapata ukweli wote hata hivyo. Ngalawa iliyofifia inapaswa kumwagika kidogo juu ya bahari iliyo nyuma yake, na bahari isimwagike juu ya ngalawa. Kichujio cha leya moja hakijui nani yuko mbele. Kwa vitu vikubwa vilivyo karibu, itengeni ngalawa kwenye leya yake, mtie ukungu peke yake pamoja na ukingo wake. Kwa vya mbali haina haja.

Mng'ao wa jua majini unataka maneno machache. `Gaussian Blur` huusaga ukawa doa la kijivu, ilhali lenzi hutoa duara lenye ukingo na mwanga uliotandaa sawa. Simu imekwisha kuukata mng'ao kwenye weupe wa 255, hivyo ukitanuka unapoteza nguvu yake. `Lens Blur` ina sehemu ya `Specular Highlights`: pandisheni `Threshold` mpaka iguse mng'ao peke yake, kisha `Brightness` kidogo. Mkizidisha, mawimbi yatageuka taa za disko. Mwisho wa yote, ukungu umefuta chenga za picha huku nyuma na maharusi bado wanazo. Rudisheni chenga kidogo nyuma, mkitazama kwa asilimia 100, mpaka anga na kanzu vifanane.

Shela ndiyo inayonishinda, na itawashinda. Nyuzi zake ziko kwa bibi harusi na zinatakiwa ziwe kali, lakini bahari inayoonekana kupitia matundu yake iko mbali na inatakiwa ififie, na simu imevichanganya viwili hivyo ndani ya pikseli moja. Kuitenga haiwezekani kwa maski yoyote iliyo safi. Ukiiacha kali yote, ndani ya shela kutaonekana ngalawa kali na nje ya shela ngalawa hiyo hiyo imefifia. Hili linamalizwa ufukweni, kabla ya kubonyeza: mpiga picha achuchumae mpaka upeo ushuke chini ya shela, nyuma yake libaki anga tupu, ambalo likififia au lisififie halitofautiani. Kwenye picha hiyo upeo utamkata bibi harusi karibu na magoti, kwa hiyo safu za ardhi zitakuwa chache na mpito utakuwa mfupi. Pimeni upya, msitumie namba za picha ya kusimama.